Keni kumi na mbili kwa siku: jinsi ya kuandika muswada wa video ya matokeo ya mwaka kwa wafanyakazi

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo wengi wenu mnaiita "ile video ya mwaka". Idara ya fedha imefunga hesabu, mkurugenzi mtendaji anataka kuzungumza na wafanyakazi wote, na mtu mmoja kwenye kitengo cha mawasiliano anakabidhiwa jedwali refu na kuambiwa atengeneze video ya dakika tano. Kwa miaka kadhaa mtu huyo nimekuwa mimi. Leo sitawapitisha kwenye kazi yote, kuanzia kamera mpaka muziki. Nataka tukae kwenye jambo moja: unatokaje kwenye tarakimu ukamfikia mtu aliyeisogeza, bila kusema uongo njiani.

Nitatumia kampuni moja ya kusindika maziwa. Jina lake silitaji, na tarakimu zake nimezibadilisha na kuzilainisha ili mzifuate kwa masikio tu, maana nyingi hamtaziona ukutani. Mwaka uliotangulia kampuni iliuza lita milioni 20 kwa bei ya wastani ya shilingi 2,400 kwa lita, ikapata mapato ya shilingi bilioni 48. Mwaka wa video yetu iliuza lita milioni 21 kwa wastani wa shilingi 2,600, mapato yakawa bilioni 54.6. Faida kabla ya kodi ilikuwa bilioni 3.78. Kwa leo hizo zinatosha.

Rasimu ya kwanza ya muswada nilipewa tayari imeandikwa. Ilianza na picha ya droni juu ya kiwanda alfajiri, na msimulizi akisema: "Mwaka huu, kwa juhudi zenu, tumekuza mapato kwa asilimia 13.75 na kufikia shilingi bilioni 54.6." Sentensi hiyo ina sarufi nzuri na hesabu sahihi. Lakini nilipouliza "juhudi za nani?", mezani palikuwa kimya.

Tukaifungua. Mapato ni lita mara bei, basi. Kama bei isingebadilika, lita milioni moja za ziada kwa bei ya zamani ya 2,400 zingeleta bilioni 2.4. Nyongeza ya bei ya shilingi 200 kwa kila lita kati ya lita milioni 21 ilileta bilioni 4.2. Ukijumlisha unapata bilioni 6.6, ndiyo nyongeza yote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukuaji tuliotaka kuwapongeza wafanyakazi kwa ajili yake ililetwa na mteja aliyelipa shilingi 100 zaidi kwa pakiti ya nusu lita. Watu wa mauzo wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndio waliosimama mbele ya wenye maduka mwezi wa pili kutetea bei mpya, wakasikia maneno yote. Ukiwaambia kwenye video kwamba mapato yamepanda kwa juhudi zao bila kutaja bei, wanajua ndani ya sekunde 20 za kwanza kwamba aliyeandika hakutoka ofisini.

Nawaomba mfanye hesabu hii kila mwaka kabla ya kuandika neno lolote. Mwulize mhasibu: katika ukuaji huu, bei imechangia kiasi gani, wingi kiasi gani? Kama kampuni inauza bidhaa nyingi za bei tofauti, kuna sehemu ya tatu, yaani mchanganyiko wa bidhaa. Watu wakihama kutoka maziwa ya kawaida kwenda mtindi wenye ladha, mapato yanapanda hata kama lita ni zile zile. Mhasibu mzuri atakupa mgawanyo huo kwa siku moja.

Sasa, kama mapato hayatufikishi kwa mtu, tunakwenda wapi? Jumla kubwa kama mapato au faida husogezwa na mambo mengi kwa wakati mmoja: mvua, bei ya mafuta, thamani ya shilingi, mshindani aliyefunga. Huwezi kuiwekea mtu mmoja mbele ya kamera ukamwambia hii ni yako. Mimi hutafuta tarakimu ndogo iliyo chini ya jumla, ambayo naweza kuunyooshea kidole mkono ulioisogeza. Kwenye kampuni ile tuliipata ukurasa wa tisa, kwenye gharama za usambazaji, na hakuna mkubwa aliyekuwa ameitaja. Yalikuwa maziwa yanayorudi. Mwaka uliotangulia, katika kila pakiti 100 zilizokwenda madukani, 4 zilirudi zimechacha au zimevimba. Mwaka ule zilirudi 3.

Kwenye karatasi hiyo ni pakiti moja tu. Lakini ifuateni. Lita milioni 21 zilizouzwa ni zile 97 katika kila 100 zilizotoka kiwandani, kwa hiyo zilizotoka ni kama lita milioni 21.65. Moja katika mia ya hizo ni zaidi ya lita laki mbili. Gawanya kwa siku 365, unapata kama lita 600 kila siku. Na lita 600 ni keni 12 za alumini, zile za lita 50 ambazo kila mtu kiwandani pale anazijua kwa uzito, kwa sababu amewahi kubeba moja. Hapo nikajua nina picha. Bilioni huwezi kuipiga picha; keni kumi na mbili unazipanga mstari kwenye sakafu ya mapokezi, saa kumi na mbili asubuhi, na mtu anapita mbele yake akizihesabu kwa macho.

Kipimo kinachofaa ni kile ambacho mtazamaji hukishika mwenyewe kazini. Kwa watu wa bandarini ingekuwa kontena, kwa watu wa benki labda foleni ya dirishani. Viwanja vya mpira na safari za kwenda mwezini hazimsaidii mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzibeba.

Tukishapata tarakimu, kazi ngumu ndiyo inaanza, nayo ni kujua kwa nini ilisogea. Uongozi ulikuwa na jibu tayari: malori mapya yenye ubaridi. Yalinunuliwa kwa mkopo mkubwa, yamepakwa rangi, yanapendeza kwenye kamera. Muswada ukataka yawe ndiyo mashujaa. Nikaomba kitu kimoja tu, jedwali la maziwa yaliyorudi, mwezi kwa mwezi. Januari hadi Machi zilikuwa bado 4 katika mia. Aprili zikaanza kushuka, na kufikia Julai zilikuwa zimeshafika 3. Malori yaliingia barabarani Agosti. Sababu haiwezi kuja baada ya matokeo. Malori yalizishusha tena kidogo, mwisho wa mwaka zikawa mbili na ushee, na wastani wa mwaka mzima ndio huo 3. Lakini kuna kitu kilitokea Aprili, na ofisini hakuna aliyekijua.

Kama mna nafasi ya kubeba neno moja tu kutoka kwangu leo, bebeni hilo jedwali la mwezi kwa mwezi. Tarakimu ya mwaka inakubali hadithi yoyote utakayoipachika. Ukiikata kwa miezi, nyingi ya hadithi hizo zinaanguka zenyewe. Ukiikata tena kwa eneo, utaona kama ni kampuni nzima iliyobadilika au ni njia tatu za usambazaji peke yake. Kwetu ilikuwa njia tatu, zote za upande wa Temeke.

Nikaenda Temeke na kijana wa mauzo anayeshika njia hizo. Alinipeleka kwenye duka la mama mmoja, duka dogo lenye friji ya kioo mlangoni. Kijana akanieleza kwamba mwezi wa tatu alichoka kubeba pakiti zilizochacha kutoka duka lile kila baada ya siku tatu, akamwuliza mama, na mama hakumficha. Nilimwomba mama anirudie alichokisema. Akasema: "Mwanangu, usiku nazima friji. Luku inakimbia, na usiku sina mteja."

Mlolongo wote ukafunguka hapo. Maziwa yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 4 au karibu na hapo. Friji ikizimwa saa nne usiku katika joto la Dar es Salaam, kufika alfajiri maziwa yameshapata saa nyingi za uvuguvugu, na baada ya usiku wa pili yanachacha hata kama tarehe kwenye pakiti bado. Kampuni ilikuwa inampelekea mama pakiti 60 kila siku ya tatu. Kijana yule alienda kwa msimamizi wa ghala akaomba jambo ambalo halikuhitaji fedha: gari linapita mtaa ule kila asubuhi, basi mama apewe pakiti 20 kila siku, auze zote kabla ya kuzima. Msimamizi akakubali kujaribu kwenye njia tatu. Ila pakiti 20 kwa kila duka maana yake ni maduka mengi zaidi kwenye kila gari, na kwa hiyo zamu ya usiku ililazimika kujifunza upya namna ya kupakia: duka la mwisho safarini linatangulia ndani, duka la kwanza linakaa mlangoni. Vinginevyo mlango unakaa wazi dakika nyingi wakati dereva anatafuta kreti, na ubaridi unatoka.

Angalieni tulichonacho sasa. Tuna mteja mwenye sababu ya maana ya kuzima friji yake. Tuna mtu wa mauzo aliyeuliza badala ya kulalamika, na zamu ya usiku ambayo haijawahi kuonekana kwenye video yoyote ya kampuni. Wote watatu wanaonekana ndani ya tarakimu moja, na kila kiungo kinaweza kuthibitishwa kwa karatasi. Malori nayo yana nafasi yake, sentensi moja, kwenye Agosti yake.

Niwasomee kipande cha muswada wenyewe. Mimi huandika kwa safu mbili, kushoto picha, kulia sauti, ili nisijidanganye. Msimulizi akisema kitu ambacho safu ya kushoto haina cha kukionyesha, najua bado naandika ripoti.

Picha: Giza. Mkono unafungua friji ya duka. Taa ya ndani haiwaki.
Sauti ya mama: "Usiku nazima friji. Luku inakimbia, na usiku sina mteja."
Picha: Kijana wa mauzo anaandika kwenye daftari, amesimama kwenye kizingiti cha duka.
Sauti ya kijana: "Nilikuwa nadhani tatizo ni maziwa."
Picha: Ghala, saa tisa usiku. Makreti yanapita mkono kwa mkono.
Sauti ya mpakiaji: "Duka la mwisho linaingia kwanza. Tulikosea wiki nzima ya mwanzo."
Picha: Keni 12, mstari mmoja, sakafu ya mapokezi.
Sauti ya msimulizi: "Mwaka uliotangulia maziwa haya yangerudi yamechacha. Keni kumi na mbili. Kila siku."

Kipande hicho ni sekunde kama 50. Msimulizi amesema maneno machache mno, na tarakimu iliyotamkwa ni moja.

Hapa nieleze kuhusu tarakimu kwenye mdomo wa Kiswahili, maana miswada mingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha hutafsiriwa, na hapo mambo huharibika. Kwa msimulizi wa Kiswahili mimi huhesabu maneno 100 kwa dakika, nikijitahidi nisizidi 110. Maneno yetu ni marefu, na tarakimu zetu ni ndefu zaidi. "Shilingi bilioni hamsini na nne nukta sita" inachukua sekunde nne kamili, na ikifuatwa na "asilimia kumi na tatu nukta saba tano" mtazamaji ameshaacha kusikiliza. Ziandikeni kwa maneno kwenye muswada, kama zitakavyotamkwa, ndipo mtaona uzito wake.

Kuna na mtego wa lugha. Mtu akisoma "elfu mia mbili na kumi na sita", msikilizaji mmoja atasikia 216,000 na mwingine atasikia 200,016, na wote wana haki. Laki inaondoa utata huo: "laki mbili na elfu kumi na sita". Hata hivyo kwenye video mimi husema "zaidi ya laki mbili" na kuiacha tarakimu kamili kwenye maandishi ya skrini. Kuzungusha namba ni halali mradi uzungushe kuelekea kwenye ukweli mdogo. Laki mbili na kumi na sita elfu inaruhusiwa kuwa "zaidi ya laki mbili", lakini hairuhusiwi kuwa "karibu robo milioni".

Mtego mwingine ni wa asilimia, na huu uliwahi kuingia mpaka kwenye toleo letu la pili kabla haujakamatwa. Mtu wa fedha alisema maziwa yanayorudi yamepungua kwa asilimia 25, kwa sababu kutoka 4 kwenda 3 ni robo. Mtu wa usambazaji akasema yamepungua kwa asilimia 1, kwa sababu 4 toa 3 ni 1. Wote wawili walikuwa kwenye video moja, tofauti ya dakika mbili. Sahihi ni kwamba yamepungua kwa robo, au kwa pointi moja ya asilimia. Tuliziondoa zote mbili tukabaki na "zamani nne katika mia, sasa tatu", maneno ambayo hakuna anayeweza kuyaelewa vibaya.

Nani aseme tarakimu? Jibu langu ni msimulizi, na arekodiwe mwisho. Nilijifunza hilo kwa uchungu kwenye kampuni nyingine. Tulisafiri na mkurugenzi hadi kituo cha mbali, akazungumza vizuri sana mbele ya wafanyakazi wake, na katikati ya sentensi yake nzuri kuliko zote akataja faida ya mwaka. Wiki iliyofuata wakaguzi wakarekebisha thamani ya bidhaa zilizokuwa ghalani, na faida ikashuka. Sentensi yote ikafa. Tulijaribu kufunika mdomo wake kwa picha nyingine na kumrekodi upya ofisini, lakini sauti ya ofisini haifanani na sauti ya uwanjani penye upepo, na kila mtu aliisikia tofauti. Tangu hapo naandika hivi: watu mbele ya kamera wanasema walichofanya, walichokiona na walichokosea, tarakimu zinakaa kwa msimulizi na kwenye maandishi ya skrini, ambavyo mhariri anaweza kuvibadilisha kwa nusu saa. Na sipeleki kitu kwenye uhariri wa mwisho kabla mkaguzi hajasaini.

Kwa sababu hiyo hiyo siwaandikii wafanyakazi maneno ya kusema. Ukimpa mpakiaji sentensi ameze, atakuwa mtu anayesoma. Namwuliza maswali matatu tu: ulijuaje kwamba kuna tatizo, mlijaribu nini kikashindikana, na siku ya kwanza ilipofaulu uliona nini? Swali la kati ndilo linaloleta dhahabu. "Tulikosea wiki nzima ya mwanzo" ilitoka hapo, na meneja wake alitaka tuikate. Niliomba ibaki, kwa sababu bila kosa lile mtazamaji hajui kwamba kulikuwa na kazi ya kufanya.

Sasa tuje kwenye lisilopendeza. Mwaka ule ule kampuni ilifunga vituo viwili vya kukusanyia maziwa, na wafanyakazi 14 wakapoteza kazi. Rasimu ilisema "tumeboresha mtandao wetu wa ukusanyaji", dakika ya nne, juu ya picha ya ng'ombe. Nilimwambia mkurugenzi, kwa heshima yote, kwamba kila mtu kwenye ile kantini anamjua mmoja wa wale 14. Wanakaa wakingoja kuona kama utawataja, na mpaka uwataje hawasikii kingine. Kwa hiyo jambo hilo liende dakika ya kwanza na nusu, kabla ya sifa zozote, na aliseme yeye mwenyewe, bila muziki. Tukaandika pamoja: "Mwezi wa sita tulifunga vituo viwili. Maziwa yaliyokuwa yanafika pale hayakutosha kulipia hata mafuta ya jenereta la kupozea. Wenzetu 14 walipoteza kazi. Uamuzi ulikuwa wangu." Sentensi ya mwisho aliiongeza mwenyewe. Ina maneno matatu, na ndiyo iliyotajwa zaidi kuliko nyingine yoyote wafanyakazi walipozungumza baadaye.

Lingine ni faida. Mfanyakazi akisikia bilioni 54.6 kisha bilioni 3.78, anabeba ile kubwa nyumbani na kuuliza kwa nini mshahara haupandi. Hilo ni swali la haki, na kulijibu kwa chati ya duara yenye vipande vinane hakumsaidii. Tulishika pakiti moja. Tukichukulia maziwa yote kama pakiti za nusu lita, kampuni iliuza pakiti milioni 42, kila moja ikitoka kiwandani kwa wastani wa shilingi 1,300. Faida kabla ya kodi ni shilingi 90 kwa pakiti. Kodi ya kampuni Tanzania ni asilimia 30, kwa hiyo kama shilingi 27 zinakwenda serikalini na 63 zinabaki. Kwenye hizo 63 ndimo linamotoka rejesho la mkopo wa malori, gawio la wenye hisa na mashine ya mwakani. Tulimpa mhasibu wa kike sarafu za karatasi mezani na kumwacha azipange mbele ya kamera.

Tahadhari moja: kodi hukokotolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, ambayo mara nyingi hayalingani sawasawa na faida iliyo kwenye taarifa, kwa hiyo 27 ni "kama 27". Mwulizeni mhasibu kabla ya kuzipanga zile 27 mezani. Na kama hakuna bonasi, semeni hakuna, hapo hapo penye zile 63, wakati mtu bado anaziona.

Mambo ya sheria nayapitia haraka. Kama kampuni yenu ipo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam au la Nairobi, video haitoki kwa wafanyakazi kabla matokeo hayajatangazwa hadharani. Mfanyakazi mwenye tarakimu ambazo umma haunazo, akinunua au kuuza hisa, anaingia kwenye kosa, na ninyi ndio mtakuwa mmempa. Video ikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp la zamu moja, hesabuni kwamba iko mtaani. Na yule mama wa duka asaini ridhaa inayosema wazi video itaonyeshwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022, ya Kenya ni ya 2019, na ridhaa ya kuonyeshwa kwa wafanyakazi si ridhaa ya kuwekwa kwenye tangazo la biashara miezi sita baadaye. Ile habari ya kuzima friji ni siri ya matumizi ya nyumbani kwake pia. Tulimwonyesha kipande chake kwenye simu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Niishie kwenye jaribio. Kabla ya kufunga uhariri, mimi hupeleka video kwa watu ambao imewaonyesha, mahali watakapoiona kweli. Tulikwenda kiwandani usiku. Kantini ya zamu ile ina runinga moja, na mashine za ubaridi zinanguruma ukutani kiasi kwamba msimulizi hasikiki. Kila kitu kilitegemea maandishi ya chini, na hapo hapo tuliona kwamba herufi zetu ni ndogo mno kwa mtu aliyekaa meza ya nyuma. Tukaziongeza.

Kisha mpakiaji mmoja akaomba turudishe nyuma. Tukarudisha mpaka kwenye kipande cha ghala, makreti yakipita mkono kwa mkono kuingia kwenye lori. Akasimama, akaenda mpaka kwenye kioo, akaweka kidole kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kreti la kwanza kuingia. "Kaka, hili ni la duka la yule mama. Yeye ni wa kwanza safarini. Mmelionyesha linakwenda ndani kabisa."

Alikuwa sahihi. Mpiga picha wetu alikuwa amewaomba warudie kupakia ili apate mwanga mzuri, na walipanga kreti lililokuwa karibu. Sauti ilikuwa inasema duka la mwisho linaingia kwanza, na picha ilikuwa inaonyesha duka la kwanza likiingia kwanza. Sisi sote tulikuwa tumekitazama kipande kile mara nyingi bila kuona. Usiku uliofuata tulirudi saa tisa, hatukumwomba mtu arudie kitu, tukapiga upakiaji wao kama ulivyo. Kreti la mama lilipakiwa mwisho, likakaa mlangoni.

Asanteni. Nakaribisha maswali.